Mdaiwa amefilisika nawe una rehani: uuze mwenyewe, uthaminishe au uachilie?

Mahakama Kuu ya Kenya ikishamtangaza mdaiwa wako kuwa mufilisi, mtu wa kuzungumza naye habari ya shamba au nyumba uliyowekewa rehani si yeye tena. Ni msimamizi wa mali ya mufilisi. Mara nyingi huyo huwa Mpokezi Rasmi wa serikali, na wakati mwingine ni mtaalamu wa ufilisi mwenye leseni aliyeteuliwa. Mdaiwa anaweza kukupigia simu akuombe subira, hata akakuahidi kwamba shemeji yake atanunua. Sikiliza kwa adabu, lakini usikubaliane naye lolote. Sahihi yake juu ya ardhi hiyo haina nguvu tena.

Nimefuatilia mikopo iliyoharibika kwa miaka kadhaa, na swali ninaloulizwa sana na wakopeshaji wadogo ni moja: sasa tuuze wenyewe au tumwachie msimamizi? Wanaliuliza kana kwamba kuna njia mbili. Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 inampa mwenye rehani njia tatu, na ile ya katikati, ambayo haitajwi sana, mara nyingi ndiyo yenye pesa nyingi kuliko zote. Ndiyo pia yenye mtego. Nitazipima zote kwa kiwanja kimoja.

Kinachohamia kwa msimamizi, na kisichohama

Amri ya ufilisi inahamishia mali ya mdaiwa mikononi mwa msimamizi, lakini inahama jinsi ilivyo, na mizigo yake mgongoni. Kiwanja chenye rehani kinaenda na rehani yake. Alichokuwa nacho mdaiwa ni haki ya kulipa deni, kuikomboa hati yake na kubaki na kilichozidi. Hicho ndicho anachopata msimamizi, wala hapati zaidi ya hapo. Asubuhi ya amri hawezi kuamka na kuuza kiwanja kwa hati safi kana kwamba wewe hukuwahi kuwepo.

Wadai wasio na dhamana, kama muuza saruji, mkopeshaji wa simu au jirani aliyekopesha kwa neno tu, husimamishwa. Kesi zao za madai husimama, kisha wanajaza fomu na kusubiri mgawo. Mwenye rehani hasimamishwi. Haki yake ya kuuza inaendelea.

Hapa watu wengi huchanganya mambo mawili. Ninayoyaeleza ni ya mtu binafsi aliyefilisika. Kampuni ikiwekwa chini ya msimamizi wa kuinusuru, breki inamshika hata mwenye rehani, na hawezi kuuza bila idhini ya msimamizi huyo au ya mahakama. Nimemwona mkopeshaji akipeleka dalali kwenye ghala la kampuni iliyo chini ya usimamizi wa namna hiyo akidhani kanuni ni ile ile. Dalali alirudi na gharama zake, nazo zikalipwa na huyo huyo aliyemtuma.

Kwanza hakikisha kwamba una rehani kweli

Kabla ya kuchagua njia, fungua faili. Rehani rasmi ya ardhi huwa na nguvu inaposajiliwa kwenye masjala ya ardhi. Ikiwa ulichonacho ni hati miliki tu uliyokabidhiwa uiweke kabatini, hiyo ni rehani isiyo rasmi, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 hairuhusu uuze wala uimiliki ardhi hiyo bila amri ya mahakama. Njia ya kwanza kati ya tatu inakuwa ndefu na ghali tangu mwanzo.

Angalia pia kama kiwanja kilikuwa nyumba ya ndoa. Rehani ya nyumba ya ndoa inahitaji sahihi ya mwenzi au ushahidi kwamba aliridhia. Bila hiyo si halali, na msimamizi mwenye akili atauliza swali hilo katika barua yake ya kwanza kwa sababu jibu baya linamfaidi. Rehani ikianguka, kiwanja chote kinaingia kwenye kapu la wadai wote, nawe unakaa foleni moja na muuza saruji.

Jambo la tatu ni tarehe. Rehani iliyowekwa siku chache kabla ya ufilisi ili kufunika deni la zamani, bila pesa mpya kutoka, inaweza kushambuliwa na kufutwa. Ukiona tarehe ya mkopo ni ya miaka mitatu nyuma na tarehe ya rehani ni ya juzi, mtafute wakili kabla hujafanya jambo jingine.

Kiwanja chetu

Chukua mfano huu niliouunda kwa ajili ya hesabu. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Thika alikopa kwenye kampuni ndogo ya mikopo akaweka rehani kiwanja cha futi 50 kwa 100, chenye vyumba vya kupangisha. Siku ya amri ya ufilisi deni ni Sh 9,200,000. Mthamini anasema bei ya soko ni Sh 8,000,000, na bei ya kuuza kwa haraka ni Sh 6,000,000. Wadai wengine wasio na dhamana wanadai jumla ya Sh 6,000,000. Mali nyingine za mufilisi, yaani bidhaa dukani na gari la kubebea, zimeacha Sh 1,200,000 za kugawana baada ya gharama na wenye kipaumbele kulipwa. Hilo ndilo kapu.

Mkopeshaji ameshapungukiwa hata kabla hajaanza. Anachouliza ni apungukiwe kiasi gani.

Njia ya kwanza: uuze mwenyewe

Hii ndiyo inayowapa wakopeshaji faraja kwa sababu usukani unabaki mikononi mwao. Unauza, unajilipa, na deni lililobaki unalipeleka kwa msimamizi kama mdai wa kawaida.

Saa yake haina haraka. Malipo yawe yamechelewa mwezi mmoja, kisha utoe notisi inayompa mdaiwa angalau miezi 3 ya kurekebisha. Ikipita, unatoa notisi ya kuuza ya siku zisizopungua 40. Dalali naye, kwa Kanuni za Madalali, hutoa siku 45 za ukombozi, na mnada hauwezi kufanyika kabla ya siku 14 tangu tangazo la kwanza gazetini. Ukizipanga mfululizo, zaidi ya nusu mwaka umepita na nyundo haijagonga meza. Kama notisi zako zilianza kabla ya ufilisi, umeokoa muda. Kama hukuanza, kumbuka kwamba mwenye haki ya kukomboa sasa ni msimamizi. Mimi ningempelekea notisi yeye na mufilisi pia, kila mmoja kwa jina lake, pamoja na mwenzi aliyeridhia, wapangaji, wenye hisa kwenye ardhi na wadhamini. Notisi iliyoenda kwa mtu asiye sahihi ni kesi iliyojifungua yenyewe.

Kuna na kizingiti cha bei. Sheria ya Ardhi inakutaka utafute bei bora inayopatikana kwa hali ilivyo. Ukiuza chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba umevunja wajibu huo hadi uthibitishe vinginevyo. Kwa kiwanja chetu mstari uko kwenye Sh 6,000,000. Wakati mdaiwa ni mzima, mara nyingi hana pesa za wakili wa kukufuata kwa hilo. Msimamizi ana muda, ana uzoefu, na ana wadai wengine nyuma yake wanaomsukuma. Kwa hiyo ufilisi haukuzuii kuuza. Unabadilisha tu anayekutazama ukiuza, na huyu mpya macho yake ni makali zaidi.

Tuseme mnada umefanyika chini ya turubai, jengo lile lile la vyumba likiwa nyuma ya dalali, na mtu wa tatu kunyoosha mkono amefikisha Sh 6,400,000. Mnunuzi anaandika hundi ya benki ya amana, ambayo kwa desturi ni robo ya bei, na ana siku 90 za kumalizia. Toa gharama za dalali, wakili, mthamini na matangazo, Sh 400,000. Toa kodi ya ardhi ya kaunti iliyolimbikizwa, Sh 150,000, kwa sababu hiyo hulipwa kabla yako. Mkononi una Sh 5,850,000. Salio la deni ni Sh 3,350,000.

Salio hilo linaingia kapuni na madai ya wengine, jumla Sh 9,350,000 zikigombea Sh 1,200,000. Kila shilingi inapata karibu senti 13. Unaongeza kama Sh 430,000. Jumla yako yote ni karibu Sh 6,280,000.

Kuna kosa moja la njia hii linalostahili mistari miwili. Ikiwa mauzo yangeacha ziada baada ya deni lako, ziada hiyo ni ya msimamizi. Ukimpa mufilisi kwa huruma, au ukimpa mkewe kwa sababu unamfahamu, utailipa mara ya pili.

Njia ya pili: thaminisha, dai salio, na usubiri

Hapa huuzi kwanza. Unamwandikia msimamizi: nina rehani hii, ya tarehe hii, juu ya ardhi hii, nimeithamini kwa kiasi hiki, na hivi ndivyo nilivyofikia thamani hiyo. Kisha unadai tofauti kama mdai asiye na dhamana. Rehani inabaki yako, na kama mambo hayasongi bado unaweza kurudi kwenye njia ya kwanza.

Kinachoifanya njia hii iwe tofauti kabisa na ya kwanza ni haki aliyonayo msimamizi upande wa pili. Anaweza kukulipa thamani uliyoitaja na kuikomboa rehani. Akifanya hivyo, kiwanja kinakuwa chake, kikiwa safi, na chochote atakachouzia juu ya hapo kinaingia kapuni. Namba uliyoandika si makisio tu. Ni bei ambayo umekubali kununuliwa.

Sasa tazama. Mkopeshaji wetu anaandika Sh 7,000,000, namba iliyo kati ya bei ya haraka na bei ya soko, akijua kwamba gharama za mnada zingemla. Anadai salio la Sh 2,200,000. Msimamizi anapata mnunuzi wa makubaliano, mwenye nyumba wa jirani anayetaka kuunganisha viwanja, kwa Sh 8,100,000. Baada ya gharama na kodi ya kaunti zinabaki Sh 7,800,000. Kati ya hizo Sh 7,000,000 zinakwenda kwa mwenye rehani na Sh 800,000 zinaingia kapuni. Kapu sasa ni Sh 2,000,000 na madai ni Sh 8,200,000. Mgawo ni zaidi kidogo ya senti 24 kwa shilingi, na salio la mkopeshaji linaleta karibu Sh 537,000. Jumla ni Sh 7,537,000.

Linganisha na mnada. Tofauti inazidi Sh 1,250,000, na hakuna aliyesimama juani. Inatoka wapi? Sehemu kubwa ni tofauti kati ya bei ya mnada na bei ya makubaliano. Msimamizi anauza kiwanja ambacho mwenyewe hakitetei, wala hana mke wa mdaiwa anayelia getini mbele ya wanunuzi. Mnunuzi anayeogopa mnada haogopi kununua kwa ofisi ya serikali kwa mkataba wa kawaida wenye mawakili wawili.

Mtego uko kwenye kushusha thamani. Watu wanadhani wakiandika thamani ndogo, salio linakuwa kubwa, na mgawo wao unakua. Hesabu inasema vingine. Tuseme aliandika Sh 5,000,000 na kudai Sh 4,200,000. Msimamizi haraka anamlipa zile Sh 5,000,000, anauza, na Sh 2,800,000 zinaingia kapuni. Kapu ni Sh 4,000,000, madai Sh 10,200,000, na mgawo kama senti 39. Mkopeshaji anapata Sh 1,647,000 juu ya milioni tano. Jumla Sh 6,647,000. Ujanja umemgharimu karibu Sh 890,000, na waliofaidi ni wale wadai wengine ambao hawakuinua hata kidole. Kwa kila shilingi aliyoificha kwenye thamani, alirudishiwa kama senti 55 na nyingine akawagawia wenzake.

Kupandisha nako kuna adhabu yake, ila ni ya polepole. Ukiandika Sh 8,500,000, msimamizi hatakukomboa kwa sababu haoni faida. Unabaki na kiwanja na dai dogo la Sh 700,000. Ukija kuuza mnadani na kupata Sh 5,850,000 mkononi, pengo lipo, lakini kapu linaweza kuwa limeshagawanywa. Fedha zilizokwisha kwenda kwa wengine, kuzirudisha si jambo la kulitegemea. Kwa hiyo thamani ikikosewa, irekebishe kwa maandishi mapema, kabla ya tangazo la mgawo.

Msimamizi naye hakubali namba bila kuitazama. Anaweza kuikataa na kukutaka ulete nyingine. Ripoti ya mthamini aliyesajiliwa, ya miezi ya karibuni, yenye picha za vyumba na kodi inayokusanywa, hufupisha mabishano hayo kuliko barua tano za wakili.

Udhaifu halisi wa njia hii ni mmoja. Msimamizi asiye na pesa wala mnunuzi hatakukomboa, na mezani kwake unaweza kukaa muda mrefu. Mimi huuliza mapema: una mtu anayeulizia kiwanja hiki? Majibu ya msimamizi kwa swali hilo yananieleza kuliko fomu zote. Akisema ana mnunuzi, mambo hupangwa siku moja: mnunuzi analipa kupitia mawakili, hati ya kuachilia rehani na hati ya uhamisho vinasajiliwa pamoja, na kila mtu anapata chake. Asipokuwa naye, anza notisi zako pembeni, kwa sababu njia ya pili haikufungi mikono ya njia ya kwanza.

Njia ya tatu: achilia rehani

Unamkabidhi msimamizi dhamana kwa faida ya wadai wote, kisha unadai deni lako zima kama mdai wa kawaida. Kwa kiwanja chetu, msimamizi anauza na kupata zile Sh 7,800,000, kapu linakuwa Sh 9,000,000, na madai yote ni Sh 15,200,000. Mgawo ni senti 59. Mkopeshaji anapata karibu Sh 5,447,000, na hiyo ni kabla ya ujira wa msimamizi kuongezeka kwa sababu ameuza kitu kikubwa. Isitoshe, kapuni kuna waliotangulia: gharama za ufilisi, kisha wafanyakazi wa mufilisi kwa mishahara ya hadi miezi 4, isiyozidi Sh 200,000 kwa kila mmoja, kisha kodi. Kama hao hawakumaliziwa na zile bidhaa za dukani, sasa watamaliziwa na kiwanja chako.

| Njia | Kutoka kwenye kiwanja | Kutoka kapuni | Jumla |
|---|---|---|---|
| Kuuza mnadani mwenyewe | 5,850,000 | 430,000 | 6,280,000 |
| Kuthamini 7,000,000, ikakombolewa | 7,000,000 | 537,000 | 7,537,000 |
| Kuthamini 5,000,000, ikakombolewa | 5,000,000 | 1,647,000 | 6,647,000 |
| Kuachilia | 0 | 5,447,000 | 5,447,000 |

Nani basi huachilia? Mwenye rehani juu ya kitu ambacho ni mzigo kuliko mali: kiwanja chenye kodi ya kaunti iliyolimbikizwa hadi ikakaribia thamani yake, shamba lenye kesi ya mipaka ya miaka kumi, au ardhi iliyokaliwa na watu ambao kuwaondoa kunagharimu kuliko bei yenyewe. Ajuaye hivyo hudai deni lake lote na kumwachia msimamizi tatizo. Hata msimamizi hana lazima ya kulibeba, kwa sababu sheria inamruhusu kukataa mali yenye mzigo. Rehani ya pili, iliyo nyuma ya benki kubwa inayodai zaidi ya thamani ya nyumba, nayo ni ya kufikiriwa hivi.

Ninaloliogopa si wanaoachilia kwa kupenda. Ni wanaoachilia bila kujua. Miaka michache iliyopita niliitwa kusaidia kampuni moja ya mikopo iliyojaza fomu ya madai kwa deni lote, mstari wa dhamana ukiachwa wazi kwa sababu karani alidhani ni wa wadai wa magari tu. Msimamizi alichukulia kwamba rehani imeachiliwa. Ilichukua barua, kiapo na ada ya wakili kuirudisha, na ilirudi kwa sababu tu mgawo ulikuwa bado. Vilevile msimamizi anaweza kukuandikia akutake uchague njia ndani ya muda maalumu. Barua hiyo usiiweke chini ya faili nyingine. Kunyamaza kunaweza kuhesabiwa kuwa umeachilia.

Nani achague nini

Kama deni lako ni dogo kuliko thamani, mfano unadai Sh 4,000,000 juu ya kiwanja cha Sh 8,000,000, usijisumbue. Huna salio la kudai, na msimamizi ana kila sababu ya kukulipa ili aipate ziada. Mwandikie kiasi cha kumaliza deni na riba yake kwa siku, umpe nafasi ya kuuza kwa makubaliano, na uweke notisi zako zikiendelea ili asilale. Hapo mnada ni fimbo ya kuonyesha tu.

Kama unapungukiwa kama mkopeshaji wetu wa Thika, thaminisha kwa ukweli na umshawishi msimamizi atafute mnunuzi. Namba yako iwe ile ambayo ukilipwa kesho hutasikitika. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia. Humwuliza mteja: ukikombolewa kwa hiyo, utalala usingizi? Akisita, namba ni ndogo.

Kama kapu ni tupu kabisa, tofauti kati ya njia ya kwanza na ya pili inabaki kuwa bei ya kiwanja tu. Hapo mwenye mnunuzi ndiye auze. Mara nyingine ni wewe. Sheria ya Ardhi hailazimishi mnada peke yake, na unaweza kuuza kwa makubaliano kwa bei ya soko. Wakopeshaji wengi hawaitumii ruhusa hiyo kwa sababu mnada una ushahidi wa wazi wa bei, na wanaogopa kushtakiwa. Hofu hiyo ni ya haki, lakini ina bei yake, na kwa kiwanja chetu bei hiyo ni milioni na zaidi.

Na kama vyumba vimejaa wapangaji, usisahau kodi. Rehani inaweza kukupa haki ya kuteua mpokeaji wa mapato ya nyumba wakati mambo mengine yakisubiri. Vyumba kumi vya Sh 6,000 ni Sh 60,000 kwa mwezi. Kwa miezi saba ya notisi ni Sh 420,000, zinazoweza kulipa gharama zote za mnada. Msimamizi akianza kuikusanya kodi hiyo kabla yako, kuidai baadaye ni ugomvi wa barua.

Ukiwa wewe ndiye mnunuzi

Kiwanja kile kile kinauzwa kwa milango miwili, na hati zinazotoka si sawa. Ukinunua kwa mwenye rehani mnadani, unalindwa vizuri: nyundo ikishaanguka na mauzo yakiwa halali, mufilisi au msimamizi anayelalamikia bei au notisi hudai fidia kwa aliyeuza, hapokonyi kiwanja chako. Lakini unapokea nyumba jinsi ilivyo, wapangaji na wasiotaka kutoka wakiwamo.

Ukinunua kwa msimamizi, uliza swali moja kabla ya kutoa amana: rehani imeachiliwa, imekombolewa, au bado ipo? Kama bado ipo, anachokuuzia ni haki ya mufilisi tu, na deni la mkopeshaji linakufuata na kiwanja. Taka barua ya mwenye rehani inayotaja kiasi atakachopokea na kuahidi kusaini hati ya kuachilia siku ya malipo. Taka pia nakala ya amri ya ufilisi, na uthibitisho kwamba jina la msimamizi limeandikwa kwenye rejista mahali pa jina la mufilisi. Bila hilo, masjala itakurudisha dirishani. Kama kiwanja kilikuwa cha watu wawili, msimamizi ana fungu la mufilisi peke yake, na mwenye fungu jingine lazima asaini naye. Ushuru wa stempu ni ule ule kwa milango yote miwili, asilimia 4 mjini na 2 nje ya mji.

Neno kwa walio Tanzania: ufilisi wa mtu huko unaongozwa na Sura ya 25 ya sheria za nchi, na uuzaji wa ardhi iliyowekwa rehani na Sheria ya Ardhi, Sura ya 113. Mantiki ya njia tatu mtaitambua, kwa sababu chimbuko ni lile lile la Kiingereza. Siku za notisi ni nyingine kabisa, kwa hiyo msiazime zile 40 wala 45 za kwetu.